Nyuzi Nane Ni Nyingi Mno: Pengo Katika Kulinganisha Chati za Wachumba

Kila anayelinganisha chati mbili za kuzaliwa ili kuona kama nyota za wawili zinaendana hufanya uamuzi mmoja kabla hajatamka neno lolote juu ya mapenzi, ndoa au ugomvi, na mara nyingi huufanya bila kujua, kwa sababu programu ya simu au ya kompyuta imeshamfanyia. Uamuzi huo ni ukubwa wa pengo atakaloliruhusu. Sayari ya mmoja na sayari ya mwenzake huhesabiwa kuwa zimeungana zinapokuwa mahali pamoja, au zinapoachana kwa nyuzi 60, 90, 120 au 180. Lakini ni nadra sana sayari mbili kuachana kwa nyuzi 90 kamili. Huachana kwa nyuzi 87, au 94, au 98, na mnajimu anapaswa kusema ni wapi muunganiko unaishia na ni wapi hakuna kitu. Umbali kati ya pembe iliyopo na pembe kamili ndio nitakaouita pengo, na kiwango cha juu kabisa ambacho mnajimu anakubali bado kuhesabu nitakiita kikomo.

Katika kazi hii ninayoifanya hapa Mbeya nimeona kwamba ugomvi mwingi kuhusu usomaji wa wachumba hauhusu tabia ya Zuhura wala ya Zohali. Unahusu kikomo, ingawa wanaogombana hawakitaji. Mmoja anasema nyota za hawa wawili zimeshikana sana, mwingine anasema haoni kitu, na ukiwauliza wametumia kikomo gani, unakuta wa kwanza ametumia nyuzi 8 au 10 na wa pili ametumia 2 au 3. Kwa hiyo mmoja ana orodha ndefu kupita kiasi na mwingine ana mistari michache, ingawa wamesoma chati zilezile.

Hesabu yake haihitaji elimu kubwa, na ni vizuri kuifanya mara moja kwa kalamu. Weka sayari ya kwanza popote kwenye duara la nyuzi 360. Ukianzia hapo na kuzunguka, sehemu ambazo sayari ya pili inaweza kuangukia na kuunda muunganiko ni nane: mahali palepale, kisha nyuzi 60, 90 na 120 upande mmoja, nyuzi 180 upande wa pili, halafu tena 120, 90 na 60 ukirudi. Ukiweka kikomo cha nyuzi 8, kila sehemu inapata nyuzi 8 kushoto na 8 kulia, yaani 16, na sehemu nane zinafanya nyuzi 128 kati ya 360. Hiyo ni zaidi kidogo ya theluthi moja ya duara. Sasa kila chati ina Jua, Mwezi, Zebaki, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Uranusi, Neptuni na Pluto, kwa hiyo chati mbili zinatoa jozi 100 za kulinganisha. Theluthi na kidogo ya 100 ni kama 36. Maana yake ni kwamba mtu yeyote na mtu yeyote, hata dereva wa bajaji wa Mwanjelwa na abiria ambaye hajawahi kumwona na hatamwona tena, wanatarajiwa kuwa na miunganiko kama 36 kwa kikomo hicho. Ukipunguza kikomo hadi nyuzi 3, idadi inayotarajiwa inashuka hadi 13. Kwa nyuzi moja, inabaki 4 au 5.

Kwa hiyo mtu anapoambiwa kwa sauti ya kustaajabu kwamba yeye na mchumba wake wana miunganiko 35, ameambiwa jambo ambalo lingesemwa juu yake na mtu mwingine yeyote. Wingi huo hauna habari ndani yake. Na hatari yake si kwamba ni mwingi tu, ila kwamba ndani ya miunganiko 35 hapakosekani mitano ya mapenzi, mitano ya ugomvi na mitano ya safari na watoto, na msomaji akishajua kwamba wachumba wana furaha anachukua ile mitano ya kwanza, akijua kwamba wamekosana anachukua ya pili. Hakuna uongo katika mstari hata mmoja, na bado usomaji mzima haukusema kitu.

Kisa kimoja kitaonyesha jambo hili vizuri zaidi kuliko maelezo ya jumla. Kijana mmoja wa Tukuyu alitaka kumchumbia binti wa Mafinga, na mama yake mdogo, ambaye tangu zamani ni mpenzi wa unajimu na aliyezifahamu nyota kumi na mbili kwa kumsikiliza marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliagiza usomaji kwa mtu fulani wa mbali. Ukaja ukiwa umechapwa vizuri, wenye miunganiko zaidi ya 30 na hitimisho kwamba wawili hawa “wameandikiana.” Mama mdogo akaniletea akitaka maoni ya pili. Wote wawili walizaliwa mwaka 1993, kijana katika nusu ya pili ya Mei, binti katika siku za mwanzo za Septemba. Siku zenyewe naziacha, na namba nitakazotaja nimezizungushia hadi nyuzi nzima au nusu.

Nilianza na Uranusi, Neptuni na Pluto, kwa sababu huko ndiko orodha ndefu hunenepa bila mtu kugundua. Sayari hizi huenda polepole sana. Mwaka 1993 Uranusi na Neptuni zilikutana katika nyota ya Mbuzi, zote mbili zikiwa karibu na nyuzi 19 mara tatu zilipokutana mwaka huo, na Pluto ilikuwa katika nyota ya Nge, takriban kati ya nyuzi 23 na 27. Kwa hiyo Uranusi ya kijana inakutana na Uranusi ya binti na pia na Neptuni ya binti. Neptuni ya kijana inafanya vivyo hivyo. Hapo tayari ni minne. Pluto inakutana na Pluto, huo ni wa tano. Na Pluto ya kila mmoja iko karibu nyuzi 60 kutoka kwa Uranusi na Neptuni za mwenzake, hiyo inaongeza minne mingine. Miunganiko tisa, karibu robo ya orodha nzima, na kila mmoja umeelezwa kwa aya yake: “mnaota ndoto moja”, “mnabadilishana kwa kina”, “mna uhuru wa pamoja.” Kijana huyu ana miunganiko hiyohiyo, au inayokaribiana nayo sana, na kila mtu aliyesoma naye darasa moja Tukuyu, wavulana kwa wasichana, na kila mtu wa rika lake toka Tunduma hadi Njombe.

Hapa kuna jambo ambalo wanaopenda kikomo kidogo, mimi nikiwemo, tunapaswa kulikubali: kubana pengo hakutibu tatizo hili. Pluto ya kijana na Pluto ya binti zimeachana kwa takriban nyuzi moja tu. Kwa mtazamo wa pengo peke yake huo ni muunganiko mzuri sana. Lakini ni wa rika, si wa watu wawili, na ungebaki palepale hata kama kikomo kingekuwa nyuzi moja na nusu. Niliyafuta yote tisa, mapana kwa membamba.

Kilichofuata kilikuwa kigumu kidogo kukiona. Usomaji ule ulitilia mkazo kwamba Jua la kijana linakabiliana na Pluto ya binti, na ukaonya juu ya wivu na kutawaliana. Jua la kijana liko kwenye nyuzi 27 za Ng'ombe na Pluto ya binti kwenye nyuzi 23 za Nge, kwa hiyo pengo ni nyuzi 4, jambo ambalo wengi wangelikubali. Lakini Pluto ya kijana mwenyewe iko kwenye nyuzi 24 za Nge. Jua lake linakabiliana na Pluto yake mwenyewe ndani ya chati yake, na kwa sababu hiyo litakabiliana na Pluto ya kila mtu aliyezaliwa karibu na mwaka wake, awe mchumba, jirani au mpinzani kwenye timu ya mpira. Kama kuna maana yoyote ya wivu hapo, basi ni habari ya kijana, alikuja nayo, na binti hakuongeza wala kupunguza. Kuisoma kama habari ya ndoa yao ni kumtwisha binti mzigo usio wake. Njia ya kuligundua hili ni rahisi: kabla ya kukubali muunganiko wowote kati ya chati mbili, angalia kama chati ya mmojawapo haina tayari muunganiko huohuo ndani yake unaohusisha sayari ya polepole. Ukiwepo, unaoona ni mwangwi.

Halafu kulikuwa na Jua na Jua. Usomaji ulisema Jua zao ziko katika pembe ya nyuzi 120, pembe ya maelewano, kwa kuwa Ng'ombe na Mashuke zote ni nyota za udongo. Ni kweli kwamba nyota hizo mbili zimeachana kwa nyota nne. Lakini Jua la kijana liko karibu mwisho wa Ng'ombe na Jua la binti liko katikati ya Mashuke, karibu nyuzi 15, kwa hiyo zimeachana kwa nyuzi 108. Pengo ni nyuzi 12. Hata kikomo cha nyuzi 10 kinalikataa. Mwandishi wa usomaji alihama kimyakimya kutoka kuhesabu kwa nyuzi kwenda kuhesabu kwa nyota nzima, palipomfaa. Wanajimu wa kale wa Kigiriki walihesabu kwa nyota nzima na mfumo wao una mantiki yake, sina ugomvi nao, lakini mtu hawezi kutumia mfumo mmoja kwenye ukurasa wa pili na mwingine kwenye ukurasa wa tano, akachota miunganiko kutoka kote na kuijumlisha.

Ni vizuri pia kujua vikomo vipana vilitoka wapi, kwa sababu wanaovitetea husema ni urithi. Al-Biruni, aliyeandika mwaka 1029, alieleza kwamba kila sayari ina mwanga wake unaoenea kwa kiasi fulani: Jua nyuzi 15, Mwezi 12, Zohali na Mshtarii 9, Mirihi 8, Zuhura na Zebaki 7. Sayari mbili zinapokaribiana, huchukuliwa nusu ya kila moja na kujumlishwa. Zuhura na Mirihi hupata nyuzi 7 na nusu, Jua na Mwezi hupata 13 na nusu. Ukiona nyuzi 8 kwenye programu ya leo, unaona kivuli cha hesabu hiyo. Lakini angalia yaliyosahauliwa njiani. Sayari za Al-Biruni zilikuwa saba, si kumi. Zaidi ya hapo, upana ule ulikuwa na sababu: ndani ya anga moja, kwa wakati mmoja, sayari yenye kasi inaikaribia yenye polepole, na pengo la nyuzi 7 linasema kwamba jambo linakuja na bado halijafika, au limefika na sasa linaondoka. Hapo mwendo ndio uliobeba maana.

Katika kulinganisha chati za watu wawili hakuna mwendo huo. Zuhura ya binti imesimama pale ilipokuwa Septemba 1993 na Mirihi ya kijana imesimama pale ilipokuwa Mei. Hazikuwahi kuwa kwenye anga moja kwa wakati mmoja na hakuna inayoielekea nyingine. Pengo la nyuzi 7 kati yao halitapungua kamwe. Sababu iliyohalalisha upana haipo tena, na kilichobaki ni namba tupu. Hii kwangu ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote dhidi ya kuhamisha kikomo cha chati moja kwenda kwenye chati mbili, na nashangaa inatajwa kwa nadra.

Sasa yaliyobaki kwenye karatasi ya mama mdogo. Baada ya kuondoa ya rika, mwangwi na ile pembe isiyokuwepo, palikuwa na mambo mawili yaliyostahili muda: Zuhura na Mirihi, na Mwezi na Jua. Ndiyo yaliyokuwa nguzo za neno “wameandikiana.”

Mirihi ya kijana iko karibu nyuzi 11 za Simba, na Zuhura ya binti karibu nyuzi 13 za Simba hiyohiyo. Zimekutana kwa pengo la takriban nyuzi 2. Upande wa pili, Zuhura ya kijana iko nyuzi 13 za Punda na Mirihi ya binti nyuzi 17 za Mizani, zinakabiliana kwa pengo la nyuzi 4. Usomaji ulisema, kwa furaha inayoeleweka, kwamba Zuhura na Mirihi zimeungana “mara mbili, kwenda na kurudi,” na kwamba hilo ni adimu. Ni adimu kiasi gani? Kwa kikomo cha nyuzi 8, uwezekano wa jozi moja kuungana ni theluthi na kidogo, na kwa kuwa jozi ziko mbili, uwezekano kwamba angalau moja itaungana unazidi nusu. Zaidi ya nusu ya watu wote unaoweza kuwakutanisha stendi ya Nane Nane wana muunganiko wa Zuhura na Mirihi kwa kikomo hicho. Kwa kikomo cha nyuzi 2, uwezekano huo unashuka hadi kama asilimia 17, yaani jozi moja ya wachumba kati ya sita. Hapo angalau kuna kitu kinachowatofautisha watu. Kwa hiyo ule mkutano wa nyuzi 2 niliuacha kwenye orodha, na ule wa nyuzi 4 niliuandika pembeni kwa penseli.

Lakini hata ule wa nyuzi 2 una mpaka wake, na mpaka huo unapimika. Zuhura hutembea zaidi kidogo ya nyuzi moja kwa siku. Binti yeyote aliyezaliwa siku chache kabla au siku moja baada ya huyu angekuwa na Zuhura karibu na Mirihi ya kijana kwa pengo linalokaribiana na hilo. Kipimo ninachokitumia ni kubadilisha mtu: naiacha chati ya kijana, naiondoa ya binti, naweka ya mtu mwingine aliyezaliwa wiki ileile, kisha wiki iliyofuata, kisha mwaka uliotangulia, nikitumia kikomo kilekile na kanuni zilezile. Muunganiko unaodumu katika chati zote hizo si wa wachumba. Unaopotea mara tu unapombadilisha mtu ndio unaostahili kutajwa mbele yao, na hata huo utajwe kama jambo linalotokea kwa mmoja kati ya sita, si kama muhuri. Nimegundua kwamba wasomaji wengi wa chati hawafanyi jaribio hili hata mara moja, pengine kwa sababu matokeo yake hayafurahishi mteja.

Kuna ushahidi wa zamani wa jinsi bahati inavyoweza kuvaa nguo za maana. Carl Jung, mwanasaikolojia wa Uswisi, alikusanya chati za ndoa 483 na kuzigawa katika mafungu matatu kadiri zilivyomfikia: 180, kisha 220, kisha 83. Alizipima kwa miunganiko 50 ya aina mbalimbali, na matokeo yalichapishwa mwaka 1952. Katika fungu la kwanza uliojitokeza juu ya mingine ulikuwa mkutano wa Mwezi na Jua, jambo ambalo wanajimu wa kale walilitarajia kabisa. Katika fungu la pili uliongoza mkutano wa Mwezi na Mwezi. Katika la tatu, Mwezi na sehemu ya duara inayochomoza mashariki. Yote matatu ni mambo ya ndoa katika mapokeo, na kila fungu likisomwa peke yake lingeonekana kuthibitisha kitu. Yalipowekwa pamoja, tofauti zilififia. Ukipima mambo 50, mojawapo lazima liwe la kwanza, na kila mara unaweza kupata simulizi ya kulifaa. Tofauti kati ya Jung na usomaji wa kurasa nyingi ni kwamba yeye alihesabu na kuonyesha hesabu yake.

Nguzo ya pili ilikuwa Mwezi wa binti na Jua la kijana, wote wawili ndani ya Ng'ombe. Karatasi ilitoa pengo la nyuzi 3 na nusu, ikaongeza kwamba Mwezi umeungana pia na Zebaki ya kijana. Hili la Zebaki niliweke kando kwanza: Zebaki haiachani na Jua kwa zaidi ya nyuzi 28, na siku aliyozaliwa kijana ilikuwa hatua chache tu mbele ya Jua lake. Kinacholigusa Jua hapo karibu lazima kiguse na Zebaki. Kuvihesabu kama vitu viwili ni kulipwa mara mbili kwa kazi moja.

Jambo kubwa ni saa. Binti hakuwa anajua alizaliwa saa ngapi, na programu, isipopewa saa, huweka saa sita mchana. Mwezi hutembea takriban nyuzi 12 hadi 15 kwa siku, na siku ile ulikuwa ukienda polepole, kama nyuzi 12. Saa sita mchana ulikuwa karibu nyuzi 23 na nusu za Ng'ombe. Siku ilipoanza ulikuwa karibu 17 na nusu, na siku ilipoisha karibu 29 na nusu. Jua la kijana liko kwenye 27. Kwa hiyo pengo la kweli linaweza kuwa sifuri kama binti alizaliwa jioni, na linaweza kuwa nyuzi 9 na nusu kama alizaliwa baada tu ya usiku wa manane. Ile 3 na nusu ni ya programu, si ya binti. Mnajimu anayeandika “nyuzi 3 na nusu” juu ya Mwezi usiojulikana saa yake ameandika usahihi ambao hana.

Sisi tunaosema saa kwa Kiswahili tuna mtego wa ziada. Mama anasema mtoto alizaliwa saa tatu usiku, mtoto aliyekua anaandika 3:00 kwenye programu, na programu inaelewa saa tisa usiku wa kuamkia siku hiyo. Hizo ni saa 18 za tofauti, na Mwezi umesogea nyuzi 9 au zaidi. Pia “usiku wa Jumanne” kwa wazee wengi ni usiku wa kuamkia Jumanne, kwa kuwa siku yao inaanza jua linapozama. Na programu isiyo na Tukuyu wala Mafinga kwenye orodha yake ya miji humfanya mtu achague Dar es Salaam. Kwa Mwezi hilo si kitu. Lakini sehemu inayochomoza mashariki husogea nyuzi moja kila baada ya dakika 4 hivi, na Mbeya iko nyuma ya Dar es Salaam kwa dakika zipatazo 23 za mwendo wa jua, kwa hiyo kosa ni kama nyuzi 6. Ukiwa na kosa la nyuzi 6 kwenye chanzo, kuzungumzia pengo la nyuzi 2 hakuna maana, na kuzungumzia la nyuzi 8 ni kukubali kila kitu.

Kutokana na hayo, kikomo changu hutegemea taarifa niliyopewa. Kwa Jua, Zebaki, Zuhura na Mirihi ninaishia nyuzi 3, nikipenda zaidi zilizo chini ya 2. Kwa Mwezi ninakubali hadi 4, ila saa ijulikane kwa tofauti isiyozidi saa tatu au nne. Mshtarii na Zohali ninazisoma zikigusa tu sayari za haraka za mwenzake, kwa nyuzi 2. Sehemu inayochomoza siisomi kabisa bila saa iliyoandikwa na mtu aliyekuwepo akiitazama saa, kwa sababu “saa mbili na kitu” ni nyuzi 10 au zaidi za kubahatisha. Sisemi kwamba pengo dogo linathibitisha unajimu. Halithibitishi. Linachofanya ni kuifupisha orodha kiasi kwamba mtu anaweza kuona anapokosea.

Na wanaosema kwamba pengo pana lihesabiwe tu, ila kama muunganiko dhaifu, wana hoja nzuri kwenye karatasi kuliko kwenye utendaji. Aya iliyochapwa kuhusu Zuhura na Mirihi ni ileile kama pengo ni nusu nyuzi au ni 7 na nusu, ina maneno yaleyale ya moto na mvuto, na hakuna mteja aliyewahi kusoma aya hiyo kwa nguvu ya asilimia kumi.

Mama mdogo alipomaliza kunisikiliza aliuliza swali moja tu: Mwezi ule basi tunaujuaje? Nikamwomba aulize Mafinga. Jibu lilikuja kupitia kwa bibi wa binti, ambaye hakutaja saa, ila alisema kwamba wachumaji chai walikuwa wameshaingia shambani na mkunga alikuwa bado hajanywa uji wake wa saa tatu. Kwa hiyo ni kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, jambo linalouweka Mwezi kati ya nyuzi 21 na 22 za Ng'ombe na kufanya pengo na Jua la kijana kuwa nyuzi 5 hadi 6. Niliufuta mstari ule kwenye orodha nikiwa pamoja naye, tukabaki na mkutano mmoja wa Zuhura na Mirihi kati ya miunganiko zaidi ya 30 iliyolipiwa.